Shajara ya mradi: fomu ya kuazima vifaa na rejista ya mali

Wiki ya 1

Vifaa vinatoka stoo kwa daftari moja la mistari lenye safu nne: jina, kifaa, tarehe, saini. Daftari si baya, na wanaoliandika ni waangalifu. Shida ni kwamba mstari unaosema "laptopu 1 na chaja yake" haujibu hata moja ya maswali ambayo stoo huulizwa: ni laptopu ipi hasa, ilitoka na nini, ilirudi na nini. Saini ipo, lakini aliyetia saini hajulikani alikubali kitu gani.

Tumechagua vifaa 41 vya kuanzia: laptopu 18, projekta 5 na zana 18 (drili, maltimita, visanduku vya spana na kadhalika). Vilivyobaki vitasubiri hadi fomu ithibitike kwamba inafanya kazi.

Uamuzi wa kwanza, ambao ulileta ubishi kuliko yote, ni kuwa na kumbukumbu mbili na si moja. Rejista ya mali inaandika kifaa mara moja: namba, aina, modeli, namba ya kiwandani, tarehe ya kununuliwa, vipande vinavyoandamana nacho. Kumbukumbu ya utoaji inaandika kila safari ya kifaa kwenye mstari wake. Waliopinga walisema inatosha kuweka safu ya "kiko kwa nani" ndani ya rejista. Tatizo la safu hiyo ni kwamba kila mwazimaji mpya anafuta jina la aliyemtangulia. Ufa wa kioo ukionekana leo, hakuna njia ya kujua watu watatu waliopita ni akina nani.

Vitu vinavyotumika vikaisha, kama tepu, betri ndogo za rimoti na misumari, haviingii kwenye rejista. Vinabaki kwenye kadi ya stoo.

Wiki ya 2

Tumeanza kubandika namba. Laptopu ni L-001 hadi L-018, projekta P-001 hadi P-005, zana Z-001 hadi Z-018. Kipande kinachoandamana na kifaa kinapewa namba ya mama yake na mkwaju: chaja ya L-014 ni L-014/1, mkoba wake L-014/2. Mwanzoni tulijaribu namba tupu bila herufi, 14/1, 14/2. Excel ikageuza 14/1 kuwa tarehe ya 14 Januari bila kuuliza mtu. Herufi mbele inazuia hilo.

Mtego huohuo uko kwenye namba za kiwandani. Namba kama 4512E07 inasomwa na Excel kama hesabu, na kwenye kisanduku inaonekana 4.51E+10. Namba inayoanza na sifuri inapoteza sifuri zake, na namba ya tarakimu zaidi ya 15 inabadilishwa tarakimu za mwisho kuwa sifuri. Safu nzima ya namba za kiwandani ipangwe kuwa Text kabla ya kuandika chochote. Ukiipanga baadaye, kilichokwishaharibika hakirudi.

Namba ya kiwandani ya laptopu hatuisomi kwenye karatasi iliyobandikwa chini, maana karatasi hiyo husuguliwa ikafutika, na herufi O na tarakimu 0 hazitofautiani. Tunaisoma kwenye mashine yenyewe. Kwa Windows, ndani ya PowerShell:

```
Get-CimInstance Win32_BIOS | Select-Object SerialNumber
```

Kwa Linux:

```
sudo dmidecode -s system-serial-number
```

Matokeo yananakiliwa na kubandikwa moja kwa moja kwenye rejista, hayaandikwi upya kwa mkono. Mashine chache, hasa zilizowahi kubadilishiwa ubao mama, huonyesha maneno ya kujazia badala ya namba. Hizo tunazisoma chini ya mashine na kuandika pembeni "imesomwa kwenye stika".

Mahali pa kubandika nako kuna mantiki yake. Kwenye laptopu stika haikai juu ya tundu la hewa wala juu ya kifuniko kinachofunguliwa na fundi, kwa sababu kifuniko kikibadilishwa namba inaondoka nacho. Kwenye drili ya betri, mwili unapewa namba yake na kila betri namba yake, kwani betri za aina moja huhamishwa kutoka drili hadi drili, na iliyochoka ndiyo huachiwa mwenzako. Kwenye zana zinazoshikwa na mikono yenye grisi, stika haikai wiki. Hizo zimechorwa kwa kalamu ya kuchimbia chuma.

Wiki ya 3

Rasimu ya fomu iko tayari. Ni ukurasa mmoja wa A4. Nusu ya juu inajazwa kifaa kinapotoka, nusu ya chini kinaporudi, na ukingoni mwa chini kuna kipande cha kukata ambacho mwazimaji anaondoka nacho baada ya kurejesha. Hicho kipande ndicho risiti yake. Bila risiti, mtu aliyerejesha kifaa kwa uaminifu hana cha kuonyesha pale karani mwingine atakapokuta mstari haujafungwa.

Nusu ya juu ina namba ya fomu, namba ya kifaa, jina na idara ya mwazimaji, kazi inayokwenda kufanywa na mahali kitakapotumika, tarehe na saa ya kutoka, tarehe na saa ya kurudi, orodha ya vipande, hali ya kifaa, na saini mbili. Saa ya kurudi imewekwa makusudi. Ukiandika "Ijumaa" peke yake, kifaa kinaletwa Ijumaa jioni stoo imefungwa, kinaachwa kwa mlinzi, na hapo hakuna aliyekipokea.

Sehemu iliyochukua muda mrefu ni ile ya hali ya kifaa. Rasimu ya kwanza ilikuwa na visanduku vitatu vya kuweka alama: nzuri, ya wastani, mbovu. Tuliwapa makarani wawili laptopu moja waijaze kila mmoja peke yake. Mmoja aliandika nzuri, mwingine ya wastani, na wote walikuwa na hoja. Neno "nzuri" ni maoni, na maoni ya siku ya kutoa hayawezi kulinganishwa na maoni ya siku ya kupokea. Tumeliondoa. Mahali pake tumeweka mambo yanayoonekana au kupimika, tofauti kwa kila aina ya kifaa.

Kwa laptopu: inawaka hadi kwenye ukurasa wa kuingilia, ndiyo au hapana, kioo kina ufa au doa, wapi, vitufe vilivyong'oka, vipi, bawaba inashika kioo kilipo au inaanguka, tundu la chaja linacheza au limekaza. Kwa projekta: saa za taa, picha ina madoa au haina, rimoti inaitikiwa au haiitikiwi. Kwa zana: inazunguka, inapima, imekamilika sanduku.

Pia kuna mchoro mdogo wa laptopu iliyofunguliwa, juu na chini, ambao karani anaweka alama ya X palipo na mkwaruzo. Mchoro huo unachukua sekunde 20 na umekwishamaliza mabishano mengi kuliko mistari yote ya maelezo. Picha ya simu ni nzuri zaidi, ila picha inabaki kwenye simu ya mtu na karatasi inabaki kwenye faili.

Wiki ya 4

Wiki ya kwanza ya majaribio, na kosa kubwa la rasimu limejitokeza upesi. Tunaliandika lote kwa sababu limebadilisha fomu.

L-014 ilitoka Jumatatu. Kwenye orodha ya vipande karani aliandika "chaja 1, mkoba 1". Ilirudi Jumatano ikiwa na chaja 1 na mkoba 1. Fomu ikafungwa, risiti ikakatwa. Alhamisi ilitoka tena kwa mwazimaji mwingine, naye saa sita mchana akairudisha akisema betri inashuka wakati imechomekwa. Kwenye mashine kulikuwa na onyo kwamba chaja haina nguvu ya kutosha, lakini alama ya kuchaji ilikuwa inaonekana. Ilichaji ikiwa imelala. Ikifanya kazi nzito, kama kikao cha video, asilimia ilishuka taratibu.

Laptopu haikuwa na hitilafu. Tuligeuza chaja tukasoma maandishi madogo mgongoni. Chaja za USB-C huandika ngazi kadhaa za umeme kwenye mstari wa OUTPUT, na ya kutazama ni ya mwisho, yenye volti kubwa kuliko zote. Hiyo ilisomeka 20V na 2.25A. Ukizidisha unapata 45 W. Chaja iliyonunuliwa pamoja na L-014 ni ya 20V na 3.25A, yaani 65 W. Plagi ni ileile, rangi ileile, ukubwa unakaribiana.

Ya 65 W ilipatikana kwa L-009, laptopu ndogo iliyotoka siku hiyohiyo kwa mtu wa chumba hichohicho. Zilikaa mezani pamoja kwenye kikao, kila mmoja akakunja ya karibu yake. Na hapa ndipo kosa la aina hii linapojificha: upande wa L-009 hakuna aliyelalamika, wala asingelalamika kamwe. Laptopu huchukua kiasi inachohitaji tu, kwa hiyo chaja kubwa kwenye mashine ndogo inafanya kazi vizuri. Anayeumia ni mmoja, na anayeumia si aliyebadilisha. Ni mtu wa tatu aliyekuja kesho yake. Kama asingerudi mapema, fomu ingeonyesha yeye ndiye aliyeirejesha L-014 na chaja isiyo yake.

Karani hakukosea. Fomu ilimwambia ahesabu, akahesabu, hesabu ikatimia.

Marekebisho yamefanyika siku ileile. Safu ya "idadi" imefutwa kwenye orodha ya vipande, na mahali pake pana "namba iliyosomwa". Karani akitoa chaja anaisoma stika ya chaja na kuandika L-014/1; akipokea anasoma tena na kuandika alichokiona, bila kutazama kilichoandikwa juu. Kwenye rejista, kila chaja imeandikwa volti na ampea za mstari wake wa mwisho. Stika iko kwenye tofali la chaja, na tepu ya rangi yenye namba ileile imezungushwa karibu na plagi, kwani mezani kinachoonekana ni plagi na tofali liko chini ya meza.

Waya wa chaja unaochomoka pande zote mbili umepewa namba yake pia, L-014/3. Waya wa USB-C wa 3A hauruhusu zaidi ya 60 W hata chaja ikiwa ya 65 W, kwa hiyo waya nao ukibadilishwa unapunguza nguvu, ingawa kwa kiasi ambacho wengi hawatakiona.

Wiki ya 5

Lahajedwali limekamilika. Lina kurasa mbili, `Mali` na `Utoaji`. Kwenye `Utoaji` safu ni hizi: A namba ya fomu, B namba ya kifaa, C mwazimaji, D tarehe ya kutoka, E tarehe ya kurudi, F tarehe mpya kama ameongezewa muda, G tarehe aliyorejesha. Karatasi iliyosainiwa ndiyo ushahidi. Lahajedwali ni la kutafutia tu, na linajazwa kutoka kwenye karatasi siku hiyohiyo.

Hali ya kifaa kwenye rejista haiandikwi na mtu. Inahesabiwa:

```
=IF(COUNTIFS(Utoaji!B:B,A2,Utoaji!G:G,"")>0,"Nje","Stoo")
```

Maana yake: kama kuna mstari wa kifaa hiki ambao safu ya kurejesha iko tupu, basi kiko nje. Kwa namna hii rejista na kumbukumbu ya utoaji haziwezi kupingana, kwa kuwa moja inasoma kwa nyingine.

Kuzuia kifaa kimoja kutolewa mara mbili, safu ya B imewekewa sharti kwenye Data Validation, chaguo la Custom:

```
=COUNTIFS($B:$B,$B2,$G:$G,"")=1
```

Na mistari iliyochelewa inageuka nyekundu kwa Conditional Formatting:

```
=AND($B2<>"",$G2="",MAX($E2,$F2)<TODAY())
```

Mitego miwili imegundulika ndani ya siku tatu. Wa kwanza: mstari umekuwa nyekundu dakika ileile ulipoandikwa, na tarehe ya kurudi ni wiki ijayo. Hiyo ni dalili kwamba tarehe imeingia kama maandishi na si tarehe, labda imeandikwa kwa nukta mahali ambapo mashine inatarajia mkwaju. MAX hupuuza maandishi yaliyo kwenye visanduku, inatoa sifuri, na sifuri iko nyuma ya leo. Ni kosa linalojitangaza lenyewe, kwa hiyo tumeliacha hivyo.

Wa pili ni mbaya kwa sababu uko kimya. Karani aliandika tarehe kwenye safu ya G kwa bahati mbaya, akaifuta kwa kubonyeza kitufe cha nafasi. Kisanduku kinaonekana kitupu lakini kina nafasi ndani yake, na fomula inaona kimejazwa. Kifaa kikahesabiwa kiko stoo huku kikiwa nje. Sasa safu za D hadi G zinakubali tarehe pekee kupitia Data Validation, na nafasi inakataliwa. Ila sharti hilo linafanya kazi kwa kinachochapwa tu. Kinachobandikwa kutoka kwingine kinapita. Kwa hiyo kwenye ukurasa huu hatubandiki.

Kuongeza muda: safu ya E haiguswi. Tarehe mpya inaingia F, na sharti letu ni kwamba anayeomba nyongeza alete kifaa kionekane. Mwazimaji wa kwanza kuombwa hivyo alinung'unika, na haki anayo kama yuko mbali. Kwa aliye nje ya ofisi tunakubali picha ya kifaa kinachowaka, stika ikionekana.

Wiki ya 6

Projekta na zana.

P-003 ilitoka kwa warsha ya siku mbili. Menyu ya taarifa ilionyesha saa za taa 1,312 ilipotoka na 1,338 iliporudi. Tofauti ni saa 26. Warsha ya siku mbili, hata ikienda saa 8 mfululizo kila siku bila mapumziko, haivuki saa 16. Saa zilizobaki zina maana moja tu, kwamba iliachwa inawaka usiku kucha. Kifaa hakikuharibika na mwazimaji hakuwa na nia mbaya; alizima laptopu akadhani projekta nayo imezimika, kumbe ilibaki ikionyesha ukurasa mtupu. Sasa fomu ya projekta ina mstari mmoja wa ziada wa maelekezo: zima kwa kitufe, subiri feni inyamaze, ndipo uchomoe. Taa ya zebaki ikikatiwa umeme ghafla joto linabaki ndani bila feni ya kuliondoa, na taa inakufa kabla ya wakati wake.

Baadhi ya modeli zinaonyesha mistari miwili, saa za kawaida na saa za hali ya kubana matumizi. Andika yote miwili. Kwa projekta ndogo zisizo na kihesabio, andika "haina", usiache tupu, kwani patupu hapatofautishi kati ya "haina" na "sikuangalia".

Rimoti ndiyo kipande kinachopotea kuliko vyote. Inakaguliwa kwa kuitumia, si kwa kuiona tu, kwa sababu rimoti mbili za P-001 na P-004 zinafanana na moja haitambui mashine ya mwenzake.

Kwa zana, maltimita imetufunza jambo. Z-006 ilirudi inawaka, inapima volti sawasawa, fomu ikafungwa. Aliyeifuata alitaka kupima mkondo akapata sifuri kila mahali. Fyuzi ya upande wa ampea ilikuwa imeungua. Hutokea hivi: mtu anapima mkondo, anaacha waya mwekundu kwenye tundu la A au mA, kisha anakwenda kupima volti. Tundu la mkondo lina ukinzani mdogo sana, kwa hiyo anakuwa ameunganisha chanzo cha umeme moja kwa moja, na fyuzi inakatika. Upande wa volti hauguswi, ndiyo maana mita inaonekana nzima.

Ukaguzi wa sasa unachukua nusu dakika. Weka mita kwenye ukinzani, waya mwekundu ukiwa kwenye tundu lake la kawaida la V na Ω, kisha gusisha ncha yake ndani ya tundu la mA, halafu la A. Fyuzi nzima inatoa namba ndogo. Iliyoungua inatoa OL, yaani hakuna njia. Na aliyebadilisha fyuzi asiweke ya gari au kipande cha waya. Fyuzi ya maltimita ina kiwango chake cha ampea na cha volti, vyote viwili vimeandikwa kwenye mwili wa mita au ndani ya kifuniko, na kuweka ya kiwango kingine ni kumwekea mtego anayefuata.

Sanduku la biti za drili linapokelewa likiwa wazi. Tundu tupu linaonekana mara moja. Ila kuna hila ndogo: biti iliyovunjika hurudishwa kwenye tundu lake, ikiwa imesimama. Pitisha jicho juu ya vichwa; iliyo fupi kuliko jirani zake kinyume na mpangilio ndiyo iliyovunjika. Hakuna adhabu kwa biti iliyovunjika, hiyo ni kazi yake kuchakaa. Tunachotaka ni iandikwe ili inunuliwe nyingine.

Wiki ya 7

Masharti ya kurejesha. Rasimu iliyotufikia ilikuwa na vifungu 19 kwa herufi ndogo. Vimebaki 7, na vyote viko mbele ya ukurasa juu ya saini, kwani kilichoandikwa nyuma hakisomwi.

Kifungu kilichofutwa baada ya majadiliano marefu ni hiki: "Mwazimaji atalipia uharibifu wowote." Kinaonekana kuilinda ofisi, lakini kinamfundisha mtu kuficha. Mwenye kuogopa kulipa bawaba iliyolegea anairudisha imefungwa na kusema kila kitu kiko sawa. Mahali pake tumeandika kwamba uharibifu na upotevu unaripotiwa siku hiyohiyo unapogundulika, na kwamba kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida si kosa la mwazimaji. Kuhusu kulipa, fomu inasema jambo litapelekwa kwenye utaratibu wa rasilimali watu. Kukata mshahara ni suala la sheria ya kazi ya nchi husika na mkataba wa mfanyakazi, na saini ya stoo haitoshi kuruhusu hilo.

Kifungu cha pili kilichobishaniwa ni cha kukabidhi mkononi. Kifaa kinahesabiwa kimerejeshwa pale karani alipokikagua na kutia saini, mwazimaji akiwa amesimama hapo. Kuacha mezani si kurejesha. Upande wa pili wa kifungu hicho unamlinda mwazimaji: stoo ina saa 24 za kazi kutaja hitilafu isiyoonekana haraka, kama betri isiyoshika, na zikipita, dai lolote jipya si lake. Wengine walitaka siku 7. Tumekataa, kwa sababu ndani ya siku 7 kifaa kinaweza kuwa kimeshatoka tena.

Kumkabidhi mwenzako kifaa bila kupitia stoo hakuruhusiwi, hata kama ni kwa saa moja. Ni kifungu kinachovunjwa sana, na tumekiwekea njia nyepesi badala ya kukemea: mwazimaji wa kwanza na wa pili wakija pamoja, fomu ya kwanza inafungwa na ya pili inafunguliwa palepale, dakika 5.

Kwa laptopu kuna hatua zinazofanywa kabla ya saini ya kupokea. Mwazimaji anahamisha faili zake na anatoka kwenye akaunti zake zote, ikiwemo ya kivinjari, maana nywila zilizohifadhiwa humo ni mlango wazi kwa anayefuata. Kwenye MacBook anazima Find My na kutoka kwenye akaunti yake ya Apple akiwa mbele ya karani. Akiondoka bila kufanya hivyo, Activation Lock inabaki kwa jina lake na mashine ikifutwa haitafunguka bila yeye. Kwenye Windows karani anahakikisha diski bado imesimbwa:

```
manage-bde -status C:
```

Kwenye mstari wa Protection Status pasomeke Protection On. Amri inahitaji dirisha lililofunguliwa kwa haki za msimamizi. Ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, ule wa tarakimu 48, hauandikwi kwenye fomu wala kwenye rejista. Unatunzwa na watu wa mifumo.

Afya ya betri haipimwi kila kifaa kinaporudi, ingekuwa kujichosha. Inapimwa kila miezi 6 kwa `powercfg /batteryreport`, na namba mbili zinaingia rejista: DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. L-002 ilitoa 50,000 na 38,500 mWh, yaani asilimia 77. Namba hiyo inamwokoa mwazimaji wa mwisho asilaumiwe kwa betri iliyozeeka kwa mikono ya wote.

Wiki ya 8

Tumehesabu vifaa kwa kutembea, si kwa kusoma. Watu wawili, mmoja anasoma stika kwa sauti na mwingine anaweka alama kwenye orodha iliyochapishwa, kutoka rafuni kwenda kwenye karatasi. Kisha kinyume chake: kila kilichobaki bila alama kinatafutwa. Ukihesabu kwa njia ya kwanza peke yake hutaona kilichopotea. Ukihesabu kwa ya pili peke yake hutaona kilichopo rafuni na hakijaandikwa popote.

Kati ya 41, vifaa 33 viko stoo na 7 viko nje kwa fomu zilizo wazi. Kimoja, Z-011, bisibisi ya umeme, rejista inasema "Stoo" na rafuni hakipo. Fomu yake ya mwisho imefungwa na ina saini mbili, ila kwenye "namba iliyosomwa" wakati wa kupokea kumeandikwa Z-017. Z-017 ipo rafuni. Kumbukumbu ya utoaji inaonyesha Z-017 haikuwahi kutoka wiki hiyo.

Kwa maneno mengine karani alisoma stika sawasawa na kuandika alichokiona, kama fomu inavyomtaka, lakini hakuna aliyelinganisha namba ya juu na ya chini. Kama ilivyo sasa, fomu inafungwa hata namba zikitofautiana. Tumeongeza kisanduku kimoja juu ya saini ya kupokea: "Namba za juu na za chini zinalingana: ndiyo / hapana". Kwenye hapana, risiti haikatwi. Z-011 bado inatafutwa. Wa kwanza kuulizwa ni yule aliyeleta Z-017, kwani bisibisi aliyoileta ilitoka mahali fulani bila fomu.

Chapa mpya ya fomu, toleo la 4, inaanza Jumatatu. Nakala zilizobaki za toleo la 3 zimekusanywa na kuchanwa ili zisichanganyike droo moja.